Testi ya dakika 40, swali linataka kuzidisha mara 67. Huu ni uonevu!

Kijana wa Kimara

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Leo tumerudishiwa testi ya hesabu za namba, chuo sikitaji, kipo hapahapa Dar. Swali la tatu lilikuwa na alama 15 na nimepata 3. Swali lenyewe hili hapa:

```
A = |  8   1 |
    | -2  11 |
```

Tafuta thamani eigeni kubwa kwa njia ya kuzidisha kwa kurudia, anza na (0, 1), jibu liwe sahihi kwa desimali tatu. Basi.

Thamani eigeni ni ile namba ambayo matriksi ikizidisha vekta fulani, vekta inatoka ileile mara namba hiyo. Darasani tulifundishwa kwa matriksi ya 4, 1, 2, 3. Unaanza na (1, 0), unazidisha, unatoa namba kubwa nje, unazidisha tena. Ilikwenda kama maji: 4, 4.5, 4.778, 4.907, 4.962, 4.985. Hatua sita tu na kila mtu anaona inaelekea 5. Tukatoka tunacheka.

Kwenye testi nikaanza vilevile. Nikapata 11, kisha 10.818, kisha 10.681, 10.574, 10.488, 10.419. Jasho linanitoka, feni za ukumbi ule zinazungusha joto tu. Nikasema labda nimekosea kuzidisha, nikarudia kuanzia mwanzo, namba zilezile. Nikaendelea hadi hatua ya kumi, 10.240, msimamizi akasema kalamu chini. Nikaandika 10.240 kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwongozo wa kusahihishia unasema 10.000. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ulipaswa kuendelea." Kuendelea mpaka lini? Nimefika nyumbani nimekaa na kikokotoo changu nikazidisha hadi nikaona jibu linaingia ndani ya 0.0005. Ni mara ya 67! Kila mara ni kuzidisha mara nne, kujumlisha mara mbili na kugawanya. Hata ukitumia dakika mbili kila mara, ni zaidi ya saa mbili. Testi nzima ilikuwa dakika 40 na maswali manne.

Jirani yangu yeye kajisahau akaanza na (1, 1), akapata 9 kwa hatua moja, akazidisha tena akapata 9, akafunga daftari na kutoka nje kunywa soda. Yeye kapata 2. Tofauti yetu alama moja, mimi niliyetoka jasho na yeye aliyetoka kunywa soda!

Naomba wanaojua waniambie kama kuna haki hapa.

Mzee wa Mafao

Kijana, nimeona neno kikokotoo nikaingia mbio nikijua ni habari ya mafao ya wastaafu. Hizo asilimia 10.240 ni za mkupuo au za pensheni ya mwezi?

Povu Zito

Mleta uzi unatoa povu bure. Matriksi ya mbili kwa mbili mtu anazidisha mara 67 kwa lipi? Jumla ya ulalo, 8 na 11, ni 19; kizidisho cha msalaba, 8 mara 11 ukitoa 1 mara -2, ni 90. Namba mbili zinazojumlika 19 na kuzidishana 90 ni 10 na 9. Sekunde tano. Unaandika 10.000 unakwenda kula.

Kijana wa Kimara

@Povu Zito soma swali mkuu. Limesema njia ipi itumike. Ukileta milinganyo unapewa sifuri na maandishi mekundu juu.

Bi Hesabu wa Mbezi

Mwanangu pole. Nimefundisha somo hili miaka mingi na nitakuambia kilichokupata, maana Povu Zito amekitaja bila kukiona. 10 na 9. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Vekta yako ya kuanzia (0, 1) ilikuwa na vekta mbili zimejificha ndani: ni (1, 2) ukitoa (1, 1). Zidisha A kwa (1, 2) utaona inatoka mara kumi. Zidisha kwa (1, 1), inatoka mara tisa. Kwa hiyo kila ulipozidisha, ile ya kwanza ilikua mara 10 na ya pili mara 9. Ukigawanya kupata uwiano, uchafu wa ile ya pili haukuondoka. Ulipungua tu, ukabaki tisa ya kumi ya ulivyokuwa. Baada ya mara kumi bado una theluthi na zaidi ya uchafu ulioanza nao. Ndiyo maana ulikuwa 10.240.

Ile ya darasani thamani zake ni 5 na 2. Kila hatua uchafu unabaki mbili ya tano. Angalia makosa ya namba zako ulizoandika: 0.093, kisha 0.038, kisha 0.015. Kila moja ni kama 0.4 ya iliyotangulia. Ukubwa wa thamani wala wingi wa namba si hoja, hoja ni ya pili ukiigawanya kwa ya kwanza. Mwalimu wako alichukua 0.4 kufundishia na 0.9 kutungia, na sidhani kama alikaa akalizidisha swali lake mwenyewe.

Huyo jirani wa soda naye hakukosea kuzidisha hata kidogo. Alianza na (1, 1), ambayo ndani yake hakuna hata chembe ya (1, 2). Atazidisha mpaka Krismasi atapata 9.

Dogo wa Data

Bi Hesabu nakubaliana ila tatizo kubwa ni vekta ya kuanzia. Ukichagua nzuri inakwenda haraka. Halafu kwenye kompyuta huyo jirani angeokoka, makosa madogo ya kukadiria desimali yangeingiza chembe ya (1, 2) na baada ya muda angefika 10.

Pia kuna ile njia ya Aitken. Unachukua majibu matatu ya mwisho unaruka moja kwa moja kwenye jibu. Mleta uzi angeitumia kwenye hatua ya sita angemaliza.

Bi Hesabu wa Mbezi

@Dogo wa Data umepata nusu. Vekta nzuri inakusogeza mbele mwanzoni, mwendo wenyewe unabaki 0.9 kila hatua. Na habari ya kompyuta ni kweli kwa matriksi nyingi, lakini hapa 9 kugawanya kwa 9 ni 1 kamili. Hakuna desimali ya kukadiria, kwa hiyo hakuna kosa la kumwokoa. Kompyuta nayo ingekaa kwenye 9.

Aitken nimeijaribu sasa hivi kwa namba zake tatu, 10.574, 10.488 na 10.419, nikiziacha na desimali zake zote kabla ya kukadiria. Inatoa 10.12. Ni bora kuliko 10.419, ila si 10.000. Ile hila inadhani makosa yanapungua kwa uwiano uleule kila hatua. Chukua tofauti za majibu yake, nazo kwa desimali zote: 0.182, 0.137, 0.107, 0.085, 0.069. Gawanya kila moja kwa iliyotangulia: 0.76, 0.78, 0.80, 0.81. Uwiano bado unapanda kuelekea 0.9, haujatulia.

Lakini hizo tofauti zilikuwa zinamwambia kitu. Ukiona zinapungua kwa 0.8 badala ya 0.4, weka kalamu chini ufikiri. Na msisimame kwa sababu majibu mawili yamekaribiana! Kwa uwiano wa 0.9, kosa lililobaki ni karibu mara tisa ya tofauti ya majibu mawili ya mwisho. Angefuata ile kanuni ya "simama tofauti ikiwa chini ya 0.0005", angesimama mara ya 46 akiwa na 10.004 na angeapa kwamba ni sahihi.

Fundi Nondo

Mimi yangu haikutulia kabisa, naomba msaada hapohapo. Nilikuwa na 1, 4 juu na 2, -1 chini. Nikianza na (1, 0) napata 2, kisha 4.5, kisha 2, kisha 4.5. Nimejaza kurasa mbili. Nayo ni uwiano wa 0.9?

Bi Hesabu wa Mbezi

@Fundi Nondo yako ni 3 na -3. Ukubwa sawa, uwiano ni 1, hakuna anayemshinda mwenzake. Haitatulia milele. Ila zidisha 2 kwa 4.5 uone unapata nini.

Fundi Nondo

9. Eh! Tatu mara tatu. Kumbe jibu lilikuwa linanichungulia.

Kijana wa Kimara

Bi Hesabu shikamoo. Sasa ningefanya nini ndani ya dakika 40 bila kuvunja sheria ya swali?

Bi Hesabu wa Mbezi

Marahaba mwanangu. Ungepunguza ulalo. Toa 8 kwenye 8 na kwenye 11, zidisha vilevile, mwishoni urudishe 8.

```
B = |  0   1 |
    | -2   3 |
```

Thamani zote mbili zimeshuka kwa 8, kwa hiyo 10 na 9 zimekuwa 2 na 1. Uwiano umetoka 0.9 ukawa 0.5. Njia ni ileile, na kuanza ni (0, 1) ileile. Jaribu bila hata kugawanya, acha namba nzima.

Povu Zito

Na huyo 8 kamtoa wapi kama hajui thamani zenyewe? Bibi umechungulia majibu. Ningetoa 10 je?

Bi Hesabu wa Mbezi

Ungetoa 10 ungebaki na 0 na -1, ile 9 ndiyo ingekuwa kubwa kwa ukubwa, na ungepata 9 kwa kujiamini sana. Ukivuka 9.5 tu unamfukuza usiyemtaka kumfukuza. 8 nimeiona kwenye ulalo na nimeibahatisha, nakiri. Kwa matriksi nyingine ingeweza kuharibu. Hapo unajaribu, unatazama kama tofauti zinapungua haraka zaidi, na jibu lolote unalipima kwa kulirudisha kwenye A.

Povu Zito

Basi ni kubahatisha, bado nasimama na 19 na 90 zangu.

Kijana wa Kimara

Wakuu nimefanya kwenye mwendokasi asubuhi, nimesimama, daftari nimelibana kwenye mlango. (1, 3), (3, 7), (7, 15), (15, 31), (31, 63). Namba zinajiandika zenyewe, unaongeza mara mbili na moja juu. 3, 2.333, 2.143, 2.067, 2.032... Hatua ya 11 ni 4095 kugawanya kwa 2047, 2.0005 kasoro kidogo. Ongeza 8. Tulikuwa hata Ubungo hatujafika.

Nimempelekea mwalimu karatasi zote mbili, ile ya mara 67 na hii ya mara 11. Ameziangalia muda mrefu, akauliza nani kanifundisha kutoa 8. Nikamwambia kuna bibi mmoja wa Mbezi. Amesema niziache mezani, alama zangu ataziangalia Jumatatu. Za jirani wa soda hajasema kitu.