Rehema afe jukwaani au asife?

Mlezi wa klabu ya maigizo: Wanafunzi wa kidato cha tatu wameandika mchezo. Picha ya Rehema inasambazwa, shule nzima inamcheka, na onyesho la tano anajiua. Barua yake inasomwa, kwaya inaimba, waliomcheka wanalia. Mwenzangu anataka mchezo wote ufutwe. Tunaweza kuonyesha jambo hili bila kulipamba?

Mama Watatu: Futeni. Ukitaja kujiua mbele ya watoto umeshawapa wazo. Kuna nyimbo na ngonjera tele za kuigiza.

Mshauri nasaha: Mama, hofu yako ina msingi, ila si kwenye kutaja. Kumuuliza mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo, na mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Hatari ni kuonyesha njia aliyotumia na kukifanya kifo kiwe jibu. Mwaka 2019 Netflix waliondoa tukio la kujiua kwenye tamthilia yao ya wanafunzi iliyotoka 2017. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji filamu na watu wa jukwaani: tendo lenyewe na njia visionyeshwe.

Mwalimu, tazama onyesho lako la tano kwa macho ya binti wa miaka 15 aliyeketi nyuma, anayechekwa kama Rehema. Anaona nini? Rehema hakusikilizwa alipokuwa hai. Amekufa, barua yake inasikilizwa kimya na ukumbi mzima, maadui wanapiga magoti, mama anaomba radhi. Amepata kila alichokitaka. Huko ndiko kupamba kwenyewe, hata kama hakuna tone la damu. Ningeanza kwa kuiondoa barua, halafu kwaya, halafu toba ya wale wachokozi.

Pia picha isiwe sababu pekee. Watu hawafiki hapo kwa jambo moja, na mtoto ambaye picha yake imesambaa asiondoke akiamini kwamba mwisho wake ni huo. Ongeza mistari michache mapema: hapati usingizi, ameacha kula, anajiona mzigo nyumbani.

Fundi jukwaa: Sisi tuna mchezo wa ujambazi, panga tumechonga kwa mbao tukapaka rangi ya fedha. Hilo nalo ni tatizo?

Mlezi wa klabu ya maigizo: Swali langu si la vifaa, ndugu, lakini karibu.

Mshauri nasaha: Panga la mbao si neno, mradi ncha ni butu na pigo linapita mbali na mwili. Angalieni ukumbi ukishangilia anapoanguka mtu. Hapo mmempa jambazi mistari mitamu, na aliyepigwa hana jina wala ndugu. Mpeni jina, na mkewe aingie kabla ya vigelegele kuisha. Kwa mchezo wa Rehema, kamba isikaribie shingo ya mtoto, hata mazoezini, hata ya kuigiza.

Fundi jukwaa: Basi zimeni taa, ukumbi uelewe wenyewe.

Mlezi wa klabu ya maigizo: Tunaigizia bwaloni saa nane mchana. Hakuna taa ya kuzima.

Mshauri nasaha: Basi kateni kwa maandishi. Onyesho la nne Rehema anampa rafiki yake sweta na vitabu vyake, anasema hatavihitaji tena, anatoka. Msifuate anakokwenda. La tano lianze na rafiki mlangoni kwa matroni, sweta mkononi. Matroni anapuuza, msichana anarudi, anamwendea mwalimu mwingine, na huyo anaacha kusahihisha na kwenda naye. Ukumbi umejifunza dalili, na kwamba mtu mzima wa kwanza akikupuuza unamtafuta wa pili.

Mtunzi wa Mombasa: Na Rehema anaokoka? Huo ni uongo mtamu. Wengine hawakuokolewa, na wenzao wamo humo ukumbini.

Mshauri nasaha: Akifa, afe kati ya maonyesho mawili, na baadaye pasiwepo kinachotatuliwa: picha bado inazunguka, rafiki hajui la kufanya na lile sweta. Lakini mbele ya watoto wa rika lake ningechagua aokoke, na apone polepole, si kwa sala moja au hotuba ya mkuu wa shule. Kama shule imepoteza mwanafunzi hivi karibuni, mchezo usubiri.

Mtunzi wa Mombasa: Bado sikubali. Mkimwokoa kila mara, waliofiwa wataona kama walizembea.

Mama Watatu: Na anayeigiza Rehema je? Ni mtoto wa mtu.

Mshauri nasaha: Swali zuri, Mama. Aulizwe faraghani kabla ya kupewa nafasi, na aweze kukataa bila kutoa sababu. Baada ya kila zoezi avue vazi la Rehema, ataje jina lake mwenyewe, akae na wenzake dakika kumi wakizungumza mengine. Siku ya onyesho hadhira itangaziwe mapema mchezo unahusu nini, mlango uwe wazi, na watu wazima wawili waketi karibu nao kwa atakayetoka. Namba 116 ya huduma kwa watoto, Kenya na Tanzania pia, isemwe na mhusika ndani ya mchezo. Ikibaki kwenye karatasi ukutani haitasomwa.

Mlezi wa klabu ya maigizo: Barua inatoka leo. Kwaya wataning'ang'ania, maana huo wimbo ndio wanaoupenda.

Mtunzi wa Mombasa: Uhamishie onyesho la kwanza, Rehema akiwa hai na yeye ndiye anayeuongoza.