Mrejesho: miche ya kahawa kwenye hekta moja

Niliuliza: "Kahawa mita 2.5 kwa 2, hekta moja inaingia miche mingapi nikitoa njia na miti ya kivuli?"

Wakuu, tumeshapima. Shamba ni mita 100 kwa 100, likatoa mistari 40 yenye mashimo 50, yaani 2,000. Njia mbili tumezipata kwa kuacha mistari miwili mizima, mashimo 100 yakaondoka. Kupunguza kwa mita za mraba kunadanganya, kwani mstari haukatwi nusu.

Migrivea ya kivuli iko kila mita 10: kila mstari wa nne, kila shimo la tano, nje ya njia. Kila mti umekula shimo moja tu, jumla 100. Ingekuwa kila mita 9, ingeangukia katikati ya mistari na kubana miche ya pande zote.

Imebaki 1,800. Nimeagiza 1,980, ya ziada ni ya kuziba mapengo.