Mrejesho: tangazo la nyumba ya Bamburi

Niliuliza: “Tangazo linasema `2BR m/e, 28k excl. s/c, 2 mths dep`. Nitalipa jumla ngapi?”

Nawashukuruni nyote. Mlikuwa sahihi kwamba `m/e` ni chumba kikuu chenye choo na bafu ndani. Chumba cha pili kinatumia bafu la ukumbini. Nilimuuliza mwenye nyumba kuhusu `s/c`, akaniambia kuwa ada ya mlinzi, taka na taa za ngazi ni shilingi 3,500 kila mwezi, nje ya kodi. Kwa hiyo, pamoja na amana ya miezi miwili, kuingia kulinigharimu 87,500, wala si 28,000 niliyoiona kwanza. Niliomba amana ipunguzwe, akakataa katakata. Alikubali tu kuandika kwenye mkataba masharti ya kuirejesha.

Ushauri wa kuonja maji ndio uliofaa zaidi: ya bombani yalikuwa ya kisima, yenye chumvi, hivyo ya kunywa nayanunua kwa madumu.

Nilichopitiwa ni mita ya umeme. Ilikuwa na deni la mpangaji aliyetangulia, na tokeni yangu ya kwanza ikakatwa. Atakayefuata anunue tokeni ndogo mbele ya mwenye nyumba kabla ya kutia sahihi.