Klipu haina sauti: msoma midomo aaminiwe?

mzee_wa_kona: Wadau, klipu haina sauti ila mdomo wa mchezaji anayedaiwa kutukana unaonekana. Kamati imfungie kwa kusoma midomo au hapana?

bichwa_ngumu: Afungiwe. Leteni kiziwi yeyote, dakika mbili anawasomea kila neno.

nuru_kimya: "Kiziwi yeyote"? Mimi ni kiziwi, ushawahi kutuuliza wewe? Simama mbele ya kioo bila kutoa sauti, sema baba, halafu mama, halafu papa. Mdomo unafunga na kufunguka vilevile, tofauti iko kooni na puani na kamera haifiki huko. K na g ndo kabisa, ziko nyuma ya ulimi. Dada yangu namwelewa kwa sababu namjua na najua tunaongelea nini, mtu baki akianza stori katikati naambulia vipande tu, vingine nakisia.

fundi_wa_unga: Dada usikatae kila kitu, mimi niko mashine ya kusaga mwaka mzima, bila kumwangalia mteja usoni sisikii kitu, nikimwangalia nampata fresh.

nuru_kimya: Sijakataa kaka. Kwako kasauti kanapita kidogo. Kelele inakuchanganya kama ni p, t au k, mdomo unakuonyesha p. Mdomo hauwezi kutenga p na b, ila hiyo sikio lako linaweza kuidaka hata kwenye kelele. Vinasaidiana. Na mteja wako ni mahindi au mtama, atasema nini kingine? Klipu isiyo na sauti haina nusu hiyo.

bichwa_ngumu: Maneno mengi. Materazzi alipomtukana Zidane fainali ya Kombe la Dunia 2006, wasoma midomo si walidaka tusi?

mzee_wa_kona: Walidaka matusi, sio tusi. Tivi ya Brazil ikasema katukaniwa dada, magazeti ya Uingereza wasoma midomo wao wakaleta mwana wa gaidi, Materazzi akaenda mahakamani na kulipwa. Baadaye akafunguka mwenyewe kwamba alimtaja dada wa Zidane.

bichwa_ngumu: SI UMEONA Wabrazili walipatia!!

nuru_kimya: Walipatia, ila wiki ile ungejuaje ni wao? Wote waliangalia fainali ileile na wote walikuwa na uhakika. Mpaka mwenye mdomo aseme mwenyewe. Na kamati ikishamwambia msomaji "tunahisi katukana", atatafuta tusi.

wakili_mtaani: Uingereza mahakama ya rufaa 2004 iliruhusu ushahidi wa midomo, ila jaji lazima awaonye raia wanaoamua kesi juu ya mapungufu yake. Kwa hiyo sio bure kabisa, ukiwa na ushahidi mwingine unaenda nao.

mzee_wa_kona: Mimi bado nasema peke yake haifungii mtu mechi hata moja. Na hapo uso uko mbele ya kamera, akigeuka pembeni je?

bichwa_ngumu: Basi wanaoziba mdomo na mkono wanaficha nini kama hausomeki? Jibuni hilo.

fundi_wa_unga: Harufu ya kitunguu 😂

nuru_kimya: Bichwa, ile "kiziwi yeyote" bado hujaifuta.