Naomba ushauri: zawadi kwa rafiki aliyeanza kushona

Wadau, rafiki yangu kaanza kushona nguo kwa oda, nami nataka kumpa zawadi atakayoitumia kazini. Nilifikiria mkasi mzuri, lakini kila fundi ana mkasi unaomkaa mkononi. Nikikosea uzito au urefu, utalala kabatini. Sasa nawaza lebo za kitambaa zenye jina lake na namba ya simu, azishone ndani ya nguo, ili mteja akiulizwa kashonewa wapi, jibu analo. Hofu yangu ni akibadili namba, zote zimekwisha kazi. Niweke jina tu? Au bora daftari la vipimo na malipo ya awali, maana anaandika kwenye vikaratasi na vinapotea? Mafundi, nyie mngechagua kipi?