Gemu ikizeeka, je, mwisho wake ni ruhusa kumwagwa hadharani?

Kijana wa Mikindani: Ndiyo kwanza naanza Red Dead Redemption 2. Diski nimeuziwa na mtu pale Mwembe Tayari. Nilikuwa sura ya 2, namtafuta yule dubu mkubwa aliyenitoroka. Nikafungua wiki, tovuti ya mashabiki wa gemu hii, na kabla sijamfikia dubu nikawa nishajua yatakayompata Arthur, mhusika mkuu. Kulalamika kwa wenzangu, najibiwa gemu ni ya 2018, nimechelewa mwenyewe. Hivi kuna muda ukipita mtu ana haki ya kumwaga mtama? Na msaada nitaupata wapi bila kuharibiwa hadithi?

Baharia wa Tudor: Pole, lakini waliokujibu hawakukosea sana. Mwaka mmoja watosha. Hatuwezi kukaa tumefumba midomo miaka yote tukimngoja kila atakayenunua diski. Tena hii ni hadithi iliyorudi nyuma: ile ya kwanza ilitoka 2010 na mambo yake ni ya 1911, hii imerudi hadi 1899. Aliyemaliza ya kwanza ajua genge la Dutch, ambalo Arthur yumo, liliishia wapi kabla hajashika padi. Na liko jambo wengi hawalijui. Mwaka 2011 watafiti wawili, Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi wasome, wengine wakaambiwa mwisho mapema. Walioambiwa ndio waliozifurahia zaidi. Spoila haiui hadithi.

Fundi wa Majengo: Baharia, utafiti huo upo na umeueleza sawa, ila zilikuwa hadithi fupi, za kusoma kwa kikao kimoja. Msomaji haamui chochote. Hapa mtu anakaa saa 50 hivi kwenye hadithi kuu peke yake, na kila akikutana na mtu njiani anaamua amsaidie au amwibie, mizani ya heshima inapanda na kushuka. Akishajua mwisho, anaanza kuamua kwa hesabu ya mwisho badala ya kuamua kama Arthur wa siku ile. Hicho ndicho kilichoibwa kwa huyu kijana, na hakirudi.

Hoja ya gemu ya kwanza nayo haisimami. Nimeimaliza ile ya 2010 mara mbili. Jina la Arthur Morgan halitajwi humo hata mara moja. Waweza kumjua John Marston, mhusika mkuu wa ile, vidole hadi nywele na bado ukaingia ya pili bila kujua lolote la Arthur. Isitoshe, hiyo ya kwanza ilifika PS4 mwaka 2023, na kompyuta Oktoba 2024. Wapo wanaoianza leo. Sasa huo mwaka wako mmoja tuuhesabu tangu lini?

Mimi sihesabu tarehe kabisa. Ninalouliza ni moja: aliyeuliza amefika wapi? Wa sura ya 2 apewe jibu la sura ya 2, iwe gemu imetoka juzi au ina miaka 20.

Baharia wa Tudor: Ya Arthur kutotajwa nakubali, nilichanganya. Lakini na sisi tuliomaliza tuna haki ya kuzungumza. Mwisho ule una mambo mazito, mtu anataka kuyatoa kifuani.

Fundi wa Majengo: Haki hiyo unayo, na mimi pia nautaka mjadala huo. Kinachotakiwa ni mlango uwe na alama. Discord na Telegram zina namna ya kuficha maneno mpaka mtu ayaguse mwenyewe:

```
Sura ya 6, mwisho: ||maneno yaliyofichwa||
```

Angalia kwamba jina la sura limebaki nje ya hizo nguzo. Wengi huficha kila kitu, wakaandika "spoila" tu, na msomaji hajui ni spoila ya wapi, basi anagusa kwa kubahatisha. WhatsApp haina kitu hicho. Huko mstari wa kwanza ndio unaotokea kwenye arifa ya simu hata kabla mtu hajafungua, kwa hiyo mstari huo uwe na jina la gemu na sura tu. Habari yenyewe ishushe chini, mbali, ifunikwe na lile neno la "Soma zaidi". Picha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haina mstari wa kwanza. Mtu akituma picha ya tukio la mwisho, imekwisha.

Sasa nirudi kwa kijana na dubu wake. Kijana, hebu nieleze hatua kwa hatua ulivyotafuta.

Kijana wa Mikindani: Niliandika jina la Arthur kwanza, nikitaka kuongeza "na dubu". Kabla sijamaliza, yakashuka mapendekezo ya maneno chini yake. La pili lilinitisha. Nikajitia sikuliona, nikaingia wiki kwenye ukurasa wa Arthur nikidhani dubu atakuwa humo. Kile kisanduku cha pembeni kikamaliza kazi.

Fundi wa Majengo: Basi spoila yako ilianza kabla hata hujafungua wiki. Jina la mhusika mkuu ndilo neno la hatari kuliko yote, kwa sababu mapendekezo yale hutokana na yale waliyotafuta wengi, na wengi humtafuta mhusika wakishamaliza gemu. Tafuta kitu au mahali, usitafute mtu. Andika swali lote mahali pengine kwenye simu, kisha libandike zima, usiyape mapendekezo nafasi ya kukukisia. Mimi ningeandika hivi:

```
"legendary bear" "O'Creagh's Run" -ending -epilogue -dies
```

Ile alama ya kutoa inaondoa kurasa zenye maneno hayo. Haiyaondoi mapendekezo, na pengine itatupa hata ukurasa mzuri uliotaja neno moja kati ya hayo kwa bahati mbaya. Ukikosa jibu, punguza neno moja moja.

Ndani ya wiki, ukurasa wa mnyama au wa silaha kwa kawaida ni salama. Ukurasa wa mtu usiufungue. Kisanduku cha pembeni mara nyingi kina mstari wa `Status` unaosema yu hai au la, na chini kabisa kurasa hupangwa kwa makundi, likiwemo la waliokufa. Ukurasa wa misheni uko katikati: maelezo yenyewe yatakufaa, lakini mwishoni kuna jina la misheni inayofuata, na majina ya misheni husema mengi. Ninachofanya mimi ni kubonyeza `Ctrl+F`, kwenye simu ni "tafuta kwenye ukurasa", naandika neno ninalolitaka, naruka moja kwa moja hadi hapo, nasoma, nafunga. Orodha ya misheni zote siifungui hata kidogo.

Video zina balaa lake. Ukitazama mwongozo mmoja tu, kesho unaletewa vijipicha vya matukio ya mwisho bila kuviomba. Zitazame kwenye hali fiche bila kuingia kwa akaunti yako, au ukimaliza ifute ile video kwenye historia ya ulizotazama.

Mama Watatu, Kongowea: Samahani wanangu, mimi naomba kinyume chake. Mwanangu wa miaka 13 anaitaka gemu hiyo hiyo. Mimi nataka kuambiwa yote, mpaka mwisho, nijue kama nimruhusu. Nikiuliza watu wananiambia "usijiharibie, mama". Nijiharibie nini, na mimi sichezi?

Fundi wa Majengo: Mama, wewe wapaswa kuambiwa, na wanaokunyima wamekosea. Kwa swali lako jibu fupi lipo hata bila hadithi: Ulaya imewekewa alama ya PEGI 18, Marekani ni ya miaka 17 na kuendelea. Kuna mauaji ya damu, ulevi na lugha chafu tangu sura za mwanzo. Kwa miaka 13 mimi nisingeruhusu. Ukitaka na mwisho wake, ukurasa wa Arthur kwenye wiki, ule ule niliomkataza kijana, ndio utakaokufaa.

Mama Watatu, Kongowea: Ahsante mwanangu. Basi atangoja.

Mwenye kibanda, Kisauni: Mnazungumza kama kila mtu anacheza chumbani kwake. Kwangu kuna skrini nne ukutani na benchi nyuma. Mmoja yuko sura ya 6, jirani yake ndiyo kwanza yuko kwenye theluji ya mwanzo. Huyu wa theluji atafanyaje, afumbe macho? Nimewahi kuona vijana wawili karibu wapigane kwa sababu mmoja alisema sentensi moja akipita kwenda kununua soda. Nikajaribu kuwapanga, wa gemu za hadithi wakae mwisho, wa mpira wakae mbele. Ikasaidia kidogo, ila watazamaji wa benchi ndio wanaosema zaidi kuliko wachezaji.

Baharia wa Tudor: Kwa hapo, mzee, sioni dawa. Skrini ya wazi ni ya wazi.

Fundi wa Majengo: Mimi pia sina jibu kamili. Ningewapa vipokea sauti na kuigeuza skrini ya hadithi isitazame benchi, lakini najua kibanda ni kidogo. Ninachoweza kukitetea ni namna ya kumjibu aliyekwama, hata kibandani. Usimpe jibu lote kwa pigo moja. Tangu 1988 kuna mfumo uitwao Universal Hint System uliofanya hivi: swali moja, dokezo moja, ukitaka zaidi unafungua la pili, kisha la tatu. Kwa dubu wetu ingekuwa hivi. Dokezo la kwanza: aliyekwenda na wewe kuwinda alikupa ramani, ifungue. La pili: rudi pale pale mlipompotezea, yule mnyama hahami. La tatu, kwa aliyeshindwa kabisa: zunguka ziwa la O'Creagh's Run, tafuta alama alizoacha, zikague moja baada ya moja. Hakuna hata neno moja hapo linalovuka sura ya 2.

Kijana wa Mikindani: Ramani! Hosea alinipa na sikuifungua hata siku moja. Dokezo la kwanza lilinitosha, mengine mawili sikuyahitaji. Kuhusu Arthur, nimeshajua, basi. Lakini nina mdogo wangu Likoni anaicheza, yuko sura ya 3, naye kila siku ananipigia kuniuliza kwa nini nimenyamaza nikimtaja Arthur. Kunyamaza kwenyewe kunamwambia kitu. Mngekuwa ninyi mngemjibu vipi?

Mwenye kibanda, Kisauni: Mwambie hujafika.

Fundi wa Majengo: Huo ni uongo, na akija kujua hatakuamini kwa gemu nyingine. Mimi ningemuuliza yeye anaonaje Arthur mpaka sasa, nikamwacha aseme.

Baharia wa Tudor: Na akikazana kuuliza?