Tangazo likibandikwa kwenye barua pepe mistari inakatika na herufi zinachanganyika: naomba ushauri

Katibu wa Ibanda (Bukavu)

Ninawasalimu wote. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha akiba hapa Ibanda, na kila miezi mitatu ninawatumia wanachama 38 tangazo la mkutano kwa barua pepe. Tangazo linachapwa na kijana wa kibanda cha fotokopi, naye hunirudishia PDF tu. Ninanakili maandishi yote kutoka PDF, ninayabandika kwanza katika Word ili nirekebishe makosa, kisha ninayahamishia katika Gmail, ninaongeza salamu juu na jina langu chini, halafu ninatuma.

Kwenye kompyuta yangu naona kasoro moja tu, yaani nafasi zinazozidi kati ya maneno hapa na pale. Lakini wanachama wanaosoma kwa simu wamenipigia picha za skrini zao, na niliona aibu. Mstari mmoja unajaa, unaofuata una maneno mawili tu, kisha mwingine unajaa tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Salamu zangu zina herufi za aina moja na tangazo lenyewe lina herufi nyingine, zenye mikia. Kabla ya kila nukta mbili kuna pengo. Kibaya zaidi, mchango wa faranga 25 000 ulikatika katikati, 25 ikabaki mwisho wa mstari na 000 ikashukia mstari wa chini, na mama mmoja akaniuliza tangu lini tunachanga dola 25. Nilijaribu kusahihisha kwa mkono, nafasi moja baada ya nyingine, nikachoka nikiwa ukurasa wa kwanza. Je, kuna njia?

Msomaji wa Himbi (Goma)

Papa Katibu, jambo hili ni jepesi. Usitumie Ctrl+V unapobandika katika Gmail, tumia Ctrl+Shift+V. Hapo yanaingia maneno matupu bila herufi za Word, na tangazo litafanana na salamu zako. Wengine hupitisha maandishi kwanza katika Bloc-notes, ni kazi ileile. Mimi hufanya hivyo kila siku na sijawahi kulalamikiwa.

Mama Riziki (Bukavu, Kadutu)

Hata mimi ninateseka. Nina orodha ya wazazi wa kwaya ya watoto, yenye jina, simu na mtaa katika jedwali zuri. Nikiibandika WhatsApp, yote yanakuwa msururu mmoja na sijui namba ni ya nani. Ina maana PDF ndiyo mbaya?

Papa Mwalimu (Goma)

Ninavyoona mimi, kosa ni la mchapaji. Amenyoosha kingo zote mbili, kushoto na kulia, na Word ikalazimika kutanua nafasi ili mistari ilingane. Mwambie aache kunyoosha ukingo wa kulia. Na wewe, katika Gmail, bonyeza nukta tatu zilizo chini ya dirisha la kuandikia uchague « Mode texte brut ». Barua haitakuwa na aina ya herufi hata moja, kwa hiyo haitakuwa na cha kuharibika.

Mchapaji wa Katuba (Lubumbashi)

Papa Katibu, una matatizo matatu yaliyovaa nguo moja, na ndiyo sababu kila anayekujibu anaona upande wake tu.

La kwanza ni mistari. PDF haikumbuki aya. Inakumbuka kwamba maneno fulani yako mahali fulani kwenye karatasi, basi. Ukinakili, kila mwisho wa mstari wa karatasi unageuka mkato wa kweli, kana kwamba mtu amebonyeza Entrée. Skrini yako ni pana kuliko ule mstari wa karatasi, kwa hiyo huoni kitu. Simu ni nyembamba: mstari unajaa, maneno mawili yanayobaki yanashuka, kisha unafika ule mkato uliokuja na PDF, na mstari mpya unaanza kabla ya wakati wake. Hapo ndipo inapotoka ile sura ya mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Kabla ya kutuma, punguza upana wa dirisha la kivinjari hadi libaki nyembamba kama simu. Maneno yakijipanga upya hadi ukingoni, uko salama. Yakibaki na meno kama msumeno, mikato bado imo.

La pili ni herufi. Hapo ndugu wa Himbi amesema kweli, na ushauri wake uufuate. Lakini Ctrl+Shift+V haiondoi mikato, wala Bloc-notes haiiondoi, kwa kuwa mkato si pambo la herufi, ni sehemu ya maandishi yenyewe.

Papa Mwalimu, kwa heshima, kuhusu « Mode texte brut » nina pingamizi. Ukiiwasha, Gmail yenyewe huikata mistari mirefu wakati wa kutuma, karibu na herufi 78, kwa desturi ya zamani ya barua pepe. Papa Katibu atasafisha mikato ya PDF kisha atawekewa mingine asiyoiona akiandika. Kuhusu kingo uko karibu na ukweli, kwa sababu nafasi iliyotanuliwa sana wakati mwingine husomwa kama nafasi mbili maandishi yanaponakiliwa. Ila PDF ikishatengenezwa, ushauri huo hauisaidii tena.

Sasa kazi yenyewe. Bandika maandishi ya PDF katika Word na ubonyeze alama ya ¶ ili uone yaliyofichika. Hatua inayofuata ni ya mkono na haina njia ya mkato: pita katika tangazo lote, na kila mahali unapotaka mstari mpya kwa kweli, yaani mwisho wa aya, kila kipengele cha ajenda, tarehe na sahihi, ongeza Entrée moja ili pawe na mstari mtupu. Kisha fungua Ctrl+H, na ufanye mabadiliko haya kwa mpangilio huu, ukibonyeza « Remplacer tout » kila mara. Palipoandikwa [nafasi], gonga kitufe cha nafasi mara moja.

```
^l                 ->  ^p
^s                 ->  [nafasi]
^p^p               ->  @@@
^p                 ->  [nafasi]
@@@                ->  ^p^p
[nafasi][nafasi]   ->  [nafasi]
```

Mstari wa mwisho urudie mpaka Word ikuambie imebadilisha 0, maana nafasi nne zikipita mara moja zinabaki mbili. Ile @@@ ni kigingi tu: inashikilia mahali pa aya wakati mikato mingine inafutwa.

Tatizo la tatu ni pengo la kabla ya nukta mbili, na hilo halikuletwa na kubandika. Word ya kijana wako inadhani anaandika Kifaransa, na katika Kifaransa nafasi hiyo ni halali, Word huiweka yenyewe. Kiswahili hakiitaki. Ukishamaliza hatua za juu, badilisha [nafasi]: iwe : peke yake, na ufanye vivyo hivyo kwa ; na ? na !. Akitaka kuliondoa kwenye chanzo, aweke lugha ya Kiswahili katika Word kabla ya kuanza kuchapa.

Mama Riziki, lako ni tofauti. PDF haina hatia hapo. WhatsApp haina jedwali. Andika kila mzazi kwenye mstari wake na utenganishe vitu kwa mkwaju, au tuma orodha kama faili.

Katibu wa Ibanda (Bukavu)

Aksanti sana, Papa Mchapaji. Nimejaribu jana usiku umeme uliporudi. Mara ya kwanza nilidharau ile hatua ya mkono. Vipengele vinne vya ajenda vikawa sentensi moja ndefu pamoja na jina langu, nikabonyeza Ctrl+Z mpaka nikarudi mwanzo. Mara ya pili niliweka mistari mitupu kama ulivyosema, na ile hatua ya nafasi mbili niliirudia mara tatu ndipo ikafika 0. Nimepunguza dirisha: maneno yanajipanga vizuri, na kwenye simu ya mke wangu pia.

Yamebaki mambo mawili. Neno « maendeleo » limekuwa « maende- leo », na mengine kadhaa kama hilo. Pia 25 000 bado inaweza kukatika, nimeiona ikitengana nilipopunguza dirisha.

Mchapaji wa Katuba (Lubumbashi)

Kistari hicho kiliwekwa pale neno lilipokatwa mwisho wa mstari wa karatasi. Tafuta kistari kinachofuatwa na nafasi, lakini hapa usibonyeze « Remplacer tout ». Pita kimoja kimoja, maana kuna vistari vya haki, kama vya orodha, na ukivifuta vyote utaunganisha yasiyounganika.

Kuhusu 25 000, sehemu ya lawama ni yangu. Nafasi inayotumika ndani ya namba kwa Kifaransa inapaswa kuwa ile isiyokatika, ambayo Word huionyesha kama kiduara ukiwasha ¶. Kijana wako alipiga nafasi ya kawaida, na ndiyo maana ilikatika tangu mwanzo. Lakini hata kama angeiweka inavyotakiwa, ile ^s niliyokupa ingeifuta. Baada ya kusafisha yote, nenda kwenye kila kiasi cha fedha, futa nafasi, na ubonyeze Ctrl+Shift pamoja na kitufe cha nafasi. Mimi mwenyewe huandika 25.000 na nukta nikaachana na mambo hayo.

Msomaji wa Himbi (Goma)

Sikujua kuhusu mikato, wasomaji wangu wote wako kwenye kompyuta. Labda ndiyo sababu hawajalalamika. Lakini Papa Katibu, kwa nini usiombe faili ya Word kutoka kwa yule kijana? Huko aya zipo nzima.

Katibu wa Ibanda (Bukavu)

Nilimwomba mara moja. Alisema anafuta mafaili kila wiki kwa sababu kompyuta ni ya tajiri wake na nafasi ni ndogo. Nitampelekea ufunguo wa USB siku hiyohiyo ya kuchapa.

Nimetuma tangazo leo asubuhi. Watu sita wamejibu kwamba linasomeka vizuri. Mmoja, anayefungua barua katika Outlook ya kazini kwake, anasema kati ya aya na aya kuna pengo la mistari miwili badala ya mmoja.

Papa Mwalimu (Goma)

Huyo labda ulimtumia kwa Ctrl+V ya kawaida?

Katibu wa Ibanda (Bukavu)

Hapana, Papa, ni barua ileile waliyopata wote. Nilitumia Ctrl+Shift+V, na salamu niliziandika katika Gmail yenyewe.

Mchapaji wa Katuba (Lubumbashi)

Mwombe akupigie picha ya skrini, na akuambie kama pengo liko kati ya aya zote au mahali pamoja tu. Likiwa mahali pamoja, rudi katika Word utafute ^p^p^p, huenda uliongeza Entrée nyingine baada ya kusafisha, mahali palipokuwa tayari na mstari mtupu. Likiwa kila mahali, ni namna Outlook yake inavyopanga aya, na hapo sina jibu mpaka nione hiyo picha.